Nimeiga matangazo yaliyokaa muda mrefu hewani, langu limenifia mkononi. Nimekosea wapi?

Shuka_na_Pazia
Habari za jioni wanajamvi. Nina fremu ndogo ya mashuka na mapazia Kariakoo. Wateja wangu wengi ni wa mtandaoni, mzigo unaondoka na bodaboda, wa mkoani unapanda basi. Mwezi uliopita niliamua kuacha kubahatisha. Kila Jumapili, wiki tatu mfululizo, nikawa naingia Ad Library, ile maktaba ya matangazo ya Facebook na Instagram, naweka Tanzania, natafuta "mashuka", "mapazia", "duvet", na kuandika kwenye daftari kila tangazo la muuzaji wa Dar lililo hewani. Nikapata 42. Kati ya hayo, 31 ni video ya mtu anatandika kitanda, muziki kwa chini, bei haijaandikwa, "njoo wasapu kwa bei". Yaliyobaki 11 ni picha yenye bei.

Nikajiambia kama watu 31 wanafanya hivi na hawajazima, basi hapo ndipo penye hela. Nikatengeneza video mbili za namna hiyohiyo, nikasponsa 15,000 kwa siku kwa siku 12. Jumla 180,000. Meseji zikaja 96, yaani kama 1,875 kila moja, nikafurahi. Lakini 61 waliuliza "bei gani", nikajibu 65,000 kwa seti, kimya. Nimeuza seti 4. Faida yangu kwa seti ni 18,000, kwa hiyo nimeingiza 72,000 na kutoa 180,000. Video ni nzuri, mashuka ni yaleyale wanayouza wao. Nimekosea wapi?

Mzee_wa_Tegeta
Umekosea kuangalia wingi badala ya muda. Pale kwenye kila tangazo pameandikwa "Started running on" na tarehe. Chukua yaliyokaa zaidi ya siku 30 tu, mengine achana nayo. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayechoma hela mwezi mzima kwa kitu kisicholipa. Tangazo likikaa, linalipa. Mimi ndivyo ninavyofanya na spea za pikipiki.

Kijana_Mbagala
Pole dada. Hata mimi tangazo langu lilisimamishwa juzi baada ya saa mbili tu, wameandika nimevunja sera, na hela ya siku hiyo imekatwa. Nimeomba wapitie upya, hawajajibu. Hivi kuna mtu ana njia ya kuwapata?

Fundi_Takwimu
Kijana, hilo ni jambo jingine, lifungulie uzi. Hapa tunaongelea matangazo ambayo mwenyewe kayazima.

Dada, swali moja kabla sijasema kitu. Hayo 42 uliyakuta hewani, au kuna uliyoyaona yakianza?

Shuka_na_Pazia
Niliyakuta. Mengine yaliongezeka Jumapili ya pili na ya tatu, na mengine yakawa yametoweka. Yaliyotoweka niliyafuta kwenye daftari, nikaona hayana maana tena.

Fundi_Takwimu
Basi jibu lako limo kwenye hayo uliyoyafuta.

Ad Library kwa bidhaa za kawaida huku kwetu inaonyesha yaliyo hewani tu. Mtu akizima tangazo lake leo asubuhi, jioni hulioni, kana kwamba halikuwahi kuwepo. Haikwambii lilitumia shilingi ngapi wala lilileta wateja wangapi. Kwa hiyo ulichokiona ni waliobaki. Ukitaka kujua video isiyo na bei inafanya kazi au haifanyi, huulizi "kati ya waliobaki, wangapi ni video". Unauliza "video ngapi zilianza, na kati ya hizo ngapi zimebaki". Ni maswali mawili tofauti na majibu yake yanaweza kupingana kabisa.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa na mteja wa viatu vya watoto. Nikachagua kurasa 30 za wauzaji wa viatu wa Dar, nikazifungua kila jioni kwa wiki nane, na kuandika kila tangazo jipya lililoanza. Yalikuwa 140. Video zisizo na bei zilikuwa 112, picha zenye bei 28. Zilizofika siku 14 zikiwa hai: video 28, picha 11.

Sasa simama mahali ulipokuwa umesimama wewe. Mtu akija akaangalia waliofika siku 14 anaona 39, na 28 kati yao ni video. Saba kati ya kumi! Lazima aseme video ndiyo dawa. Lakini video zilianza 112, kwa hiyo iliyopona ni moja katika nne. Picha zenye bei zilianza 28 na zikapona 11, karibu nne katika kumi. Video ni nyingi kwa waliobaki kwa sababu ni nyingi kwa waliozaliwa, na ni nyingi kwa waliozaliwa kwa sababu kila mtu anafanya ulichofanya wewe: anafungua maktaba, anaona video, anaiga.

Keki_za_Kinondoni
Hapo umenigusa. Ni kama kupita mtaa wa maduka ya simu Kariakoo, ukaona fremu zimejaa, ukasema biashara ya simu haifi. Hujaona mlango uliobadilisha kibao mara tatu ndani ya mwaka mmoja.

Ila Fundi, mimi nina neno. Mimi ni mtu wa busti. Nabonyeza busti kwenye picha ya keki, naweka siku 5, 10,000 kwa siku, likiisha limeisha. Kwenye daftari lako ningeonekana nimekufa siku ya tano kila mara, na wakati mwingine hizo siku tano zimenijazia oda za wiki mbili mpaka nazima simu.

Fundi_Takwimu
Uko sahihi, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Kuzimwa si lazima kuwe kushindwa. Mzigo umeisha, kadi imekataa, busti imefika siku yake, sikukuu imepita, akaunti imefungiwa kama ya Kijana hapo juu. Yote yanatoweka kwa sura ileile. Nilichojifunza ni kuangalia namna muuzaji anavyoondoka. Kama matangazo yake yote yameondoka siku moja, huo ni mkono wa kadi, akaunti au mzigo, wala usiyahesabu kuwa yameshindwa. Kama alianzisha matano Jumatatu na kufikia Alhamisi manne yameondoka, moja limebaki, hapo amechagua. Na yakikatika siku ya 3, ya 5 au ya 7 kamili, kila mara, ukurasa uleule, ni mtu wa busti. Watu wa busti niliwaweka kwenye safu yao peke yao, ndiyo maana sikuwachanganya kwenye zile 140.

Mzee wangu wa Tegeta, shikamoo. La siku 30 ni nusu ya ukweli. Tangazo lililokaa lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa linalipa kuliko la jana, hilo sibishi. Lakini nimewahi kukabidhiwa akaunti ya mteja nikakuta tangazo lina miezi minne hewani. Aliyekuwa analisimamia aliacha kazi, kadi ya bosi ikaendelea kukatwa 8,000 kwa siku, hakuna aliyeuliza. Mtu wa nje akiliona anasema "hili ni dhahabu". Halafu kuna hili: ukiweka matangazo manne kwenye kapu moja la bajeti, mfumo hauyagawii sawa. Haraka sana unaegemea moja na mengine yanapata makombo. Maktaba inayaonyesha yote manne yako hewani, na wewe unaweza kuiga lile lililokuwa linakula makombo.

Mzee_wa_Tegeta
Marhaba. La kadi ya bosi nimelicheka, maana nalijua. Lakini narudi palepale: mtu mwenye fremu moja hawezi kusahau 8,000 kwa siku miezi minne. Wewe unaongelea kampuni. Kwa wadogo wenzangu, siku 30 ni ushahidi.

Fundi_Takwimu
Kwa wadogo nakubali zaidi, mzee. Lakini bado utakuwa unajua kilichopona, hujui kilichofanana nacho kikafa. Ukikuta picha ya spea yenye bei ina siku 45, huwezi kujua kama picha nyingine tisa za namna hiyo zilizimwa wiki ya kwanza.

Mkwezi
Mnamtesa dada wa watu na mahesabu. Mtu ana 180,000, mnamwambia akae wiki nane anafungua kurasa 30 kila jioni? Afanye majaribio yake mwenyewe. Hela 20,000 kwenye hili, 20,000 kwenye lile, linaloleta wateja aendelee nalo. Kuchungulia ya jirani ni kupoteza muda, uwe umeyaona yaliyokufa au hujayaona.

Shuka_na_Pazia
Mkwezi, mbona nilishafanya hivyo. Kabla ya hizi video niliweka picha ya shuka yenye bei, 10,000 kwa siku. Siku mbili nikapata meseji 3 tu. Nikaizima nikaifuta.

Fundi_Takwimu
Meseji 3. Wangapi walinunua?

Shuka_na_Pazia
Ngoja niangalie wasapu.

Wawili. Mmoja Ukonga, mmoja Mwanza, alituma hela siku hiyohiyo.

Keki_za_Kinondoni
Eeh! Kumbe marehemu alikuwa na mirathi.

Fundi_Takwimu
Tusikimbie. Ulitoa 20,000, ukapata faida 36,000. Video zilitoa 180,000 zikaleta 72,000. Ukiangalia bei ya meseji, video ni 1,875 na picha ni karibu 6,700, ndiyo maana ulizima picha ukafurahia video. Bei iliyoandikwa iliwachuja wanaouliza tu, wakabaki wenye nia. Lakini watu watatu ni watatu. Mmoja wao angeghairi, mwingine akakosa mtandao, tungekuwa tunasema picha ni mbaya. Usiibebe hii ukasema "bei ndiyo siri". Ninachosema ni kwamba uliihukumu kabla haijajieleza.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na Mkwezi. Mfumo wenyewe wa Meta, kwenye kile kipindi unachokiona kimeandikwa "Learning", unataka kama matukio 50 kwa wiki ndiyo utulie. Kama unalipia meseji, ni meseji 50. Kwa 10,000 kwa siku na meseji ya 1,500 unapata sita au saba kwa siku, ukizima siku ya pili umehukumu kwa kumi na tatu. Wafanyabiashara wa hapa wengi wanazima siku ya pili au ya tatu. Maana yake hata hayo makaburi ya jirani tunayoyatafuta yamejaa watu waliozikwa wakiwa bado wanapumua. Kifo cha siku ya pili nakipa uzito mdogo, cha siku ya kumi nakipa mkubwa, kwa sababu huyo ameshatumia hela ya kutosha kujua anachokizima.

Mkwezi
Sasa hapo unanisaidia mimi. Kama kuzimwa kwao hakuna maana, na kubaki kwao hakuna maana, unaandika daftari la nini?

Fundi_Takwimu
Sijasema hakuna maana, nimesema maana ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Hata zile namba zangu za viatu, picha 11 kati ya 28: matatu tu yangezimwa siku ya kumi na tatu, ingekuwa 8 kati ya 28, na tofauti na video karibu inapotea. Daftari halikwambii ufanye nini. Linakuzuia usiseme "wote wanafanya hivi kwa hiyo kinalipa". Kwa dada hapa hilo peke yake lingemwokolea 180,000, au angalau angeanza na 60,000.

Dada, kama utaandika, anza na ya kwako. Fungua Ads Manager, ondoa kile kichujio kinachoonyesha yaliyo "Active" tu, weka "Had delivery", nyoosha tarehe irudi mwaka mzima. Uliyoyazima yapo na namba zake zote. Hata uliyoyafuta, ukichuja kwa hali ya "Deleted" yanarudi kuonekana. Hayo ndiyo makaburi pekee ambayo utasoma majina yote.

Ya majirani yanataka mambo matatu. Kwanza, usiende Jumapili kwa Jumapili. Tangazo la siku tatu, ukiangalia mara moja kwa wiki, una nafasi tatu kati ya saba za kulikuta. Linaloanza Jumatatu na kufa Alhamisi hutaliona milele, na la mwezi mzima hulikosi. Yaani macho yako yenyewe yanaongeza waliobaki juu ya wale waliokwisha kuongezwa na maktaba. Kila jioni, dakika kumi, kurasa 10 zinatosha, si lazima 30 kama mimi.

Pili, uliyoyakuta siku ya kwanza yaweke pembeni. Hayo yameingia daftarini kwa sababu tu yalipona mpaka ukafika. Hesabu uliyoyaona yakianza.

Tatu, yaliyoanza wiki hii usiyaite yameshindwa kufika siku 14. Bado hayajapewa muda. Kwenye jedwali langu safu B ni aina, C ni tarehe ya kuanza, E ni siku lilizokaa, na fomula ni hii:

```
=COUNTIFS(B:B,"video",C:C,"<="&TODAY()-14,E:E,">=14")
 /COUNTIFS(B:B,"video",C:C,"<="&TODAY()-14)
```

Keki_za_Kinondoni
Fundi, na hakuna namna ya kuyaona yaliyokufa ya wengine bila kuamka nayo kila siku?

Fundi_Takwimu
Kwa Tanzania, ya bidhaa za kawaida, sijaona. Lakini matangazo yaliyoonyeshwa nchi za Umoja wa Ulaya yanabaki maktabani mwaka mzima tangu mara ya mwisho yalipoonekana, sheria yao inalazimisha tangu 2023. Weka Ujerumani au Ufaransa, tafuta muuzaji wa mashuka, chagua "Inactive". Utaona na idadi ya watu walioyaona. Hapo ndipo macho yatafunguka: muuzaji ana tangazo moja lililowafikia watu laki mbili, na pembeni yake ishirini yaliyozimwa kwenye mia chache. Huku kwetu ungeona lile moja tu.

Usiige mashuka ya Mjerumani sasa. Joto lake na letu ni mbali, na wao hawamalizii biashara wasapu. Angalia tu uwiano, ni mangapi yanazaliwa mpaka moja likae.

Kijana_Mbagala
Wakuu, mimi nimelifungulia uzi kama mlivyosema, hakuna aliyechangia.

Shuka_na_Pazia
Narudi baada ya siku tisa. Nimefungua "Had delivery" ya mwaka mzima. Nina matangazo 23 niliyoyazima, 14 kati yake kabla ya siku ya nne. Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Picha yenye bei nimeirudisha kwa 10,000, leo ni siku ya saba, meseji 13, wamenunua 4. Hela imetoka 70,000, faida imeingia 72,000. Nimetoka sare. Siizimi bado.

Majirani nafuatilia kurasa 10 kila jioni nikishafunga. Sasa kuna kitu sikielewi. Ile video niliyoiga mimi, ya yule muuzaji mkubwa, iliyokuwa na siku 60 na zaidi, Jumanne imetoweka. Alhamisi imerudi, video ileile, maneno yaleyale, lakini "Library ID" ni mpya na tarehe ya kuanza imekuwa ya juzi. Niandike imekufa moja na imezaliwa moja, au ni ileile?

Fundi_Takwimu
Ameinakili. Ukinakili tangazo linapewa namba mpya na tarehe mpya, la zamani analizima. Mimi naandika ni lilelile kama video na maneno havijabadilika, na siku naziunganisha. Vinginevyo muuzaji anayenakili kila wiki ataonekana kaua dazeni nzima wakati hajaua hata moja.

Keki_za_Kinondoni
Mimi sikubali. Angekuwa ameridhika nalo asingeligusa. Watu wananakili likishaanza kuchoka, meseji zikipanda bei. Mimi ningeandika limekufa siku ya 60, halafu hili jipya nilipe nafasi yake.

Mzee_wa_Tegeta
Ama kadi iligoma Jumanne, akaweka nyingine Alhamisi, akaona rahisi kuanza upya. Dada, huyo muuzaji si yuko mtaa wa pili kutoka kwako? Nenda kanunue pazia, umuulize.

Shuka_na_Pazia
Mzee, nilishapita jana. Kanambia video inauza sana, nikamuuliza kwa nini aliizima, akaniuliza mimi natokea fremu gani.